Bafa moja mikononi mwa nyuzi mbili: tatizo la ABA katika rundo lisilo na kufuli

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeandika kwa C++ programu inayopokea vipimo kutoka kwenye mizani za samaki hapa Mwaloni, Kirumba, na kuchapa stakabadhi. Bafa ziko 64, zimetengwa mara moja programu inapoanza, na zile tupu nazihifadhi kwenye rundo lisilo na kufuli. Kila badiliko la kichwa cha rundo linapitia `compare_exchange_weak`. Kwenye kompyuta yangu haijawahi kukosea. Kwenye seva, alfajiri mitumbwi inapoingia kwa wingi, mara moja moja stakabadhi ya mzigo mmoja hutoka na kilo za mzigo mwingine, na kuna siku programu yote ilibaki ikitumia bafa moja tu. `toa` yangu ni hii hapa. Kosa liko wapi?

```cpp
Bafa* toa() {
    Bafa* juu = kichwa.load();
    while (juu) {
        Bafa* chini = juu->chini;
        if (kichwa.compare_exchange_weak(juu, chini))
            return juu;
    }
    return nullptr;
}
```

Jibu: Marahaba. Kosa limejificha kati ya mstari unaosoma `juu->chini` na mstari unaofuata. Umeandika kana kwamba, iwapo kichwa bado kinaelekeza kwenye bafa ileile uliyoiona, basi na kilichokuwa chini ya bafa hiyo lazima kiwe kilekile. Amri ya linganisha-na-badilisha haikutoa ahadi hiyo. Ahadi yake ni finyu zaidi: kwa tendo moja lisilogawanyika, prosesa hutazama thamani iliyoko kwenye kichwa, huilinganisha na ile unayoitarajia, na zikilingana huandika thamani mpya. Inalinganisha thamani ya sasa tu, haijui chochote kuhusu yaliyopita katikati. Kichwa kinaweza kuwa kilikuwa bafa fulani, kikawa nyingine, kikarudi kuwa ileile ya kwanza, na kwa amri hii hali hiyo haina tofauti yoyote na kichwa ambacho hakikuguswa kabisa. Ndiyo maana tatizo hili huitwa ABA: thamani A, kisha B, kisha A tena.

Tulifuate kwa bafa zako zenyewe. Tuseme juu ya rundo iko bafa namba 7, chini yake iko namba 4, na chini ya hiyo iko namba 9. Uzi wa kwanza, unaohudumia mizani mojawapo, unaingia kwenye `toa`. Unasoma kichwa na kupata 7, unasoma kilichoko chini ya 7 na kupata 4, na kabla haujafika kwenye amri ya kulinganisha, mfumo endeshi unauondoa kwenye prosesa ili kazi nyingine ipate nafasi. Uzi huo sasa umelala huku umeshika mambo mawili kichwani: kwamba juu ni 7, na kwamba baada ya kuitoa 7 kichwa kinapaswa kuwa 4.

Uzi wa pili uko macho kwenye kiini kingine cha prosesa. Unatoa 7, halafu unatoa 4. Kwenye bafa namba 4 unaandika kipimo cha sangara, tuseme kilo 86, na unaanza kuandaa stakabadhi. Bafa namba 7 ilitumika kwa jambo fupi tu, kwa hiyo inarudishwa kwenye rundo mara moja. Hali ya rundo sasa ni hii: juu iko 7, na chini yake iko 9. Namba 4 haimo ndani ya rundo, kwa sababu inatumika.

Uzi wa kwanza unaamka. Unauliza: je, kichwa bado ni 7? Ndiyo, ni 7. Amri inafaulu, na inaandika kwenye kichwa ile thamani uliyoibeba tangu kabla ya usingizi, yaani 4. Kuanzia hapo rundo linadai kwamba bafa namba 4 ni tupu na iko juu, ilhali uzi wa pili bado umeishika. Uzi wa tatu unapokuja kuomba bafa hupewa namba 4 hiyohiyo, unaandika humo kilo 112 za mzigo mwingine, na uzi wa pili unapofika kwenye hatua ya kuchapa husoma 112 badala ya 86. Hiyo ndiyo stakabadhi uliyoiona. Hakuna ujumbe wa hitilafu uliotoka popote, kwa sababu kila amri ilifanya sawasawa kile ilichoagizwa.

Na ile siku programu ilipobaki na bafa moja tu inatokana na tukio hilohilo, likiwa limesogea hatua moja mbele. Bafa namba 4 ina wenyeji wawili, kwa hiyo itarudishwa mara mbili. Anapoirudisha wa kwanza, 4 inakaa juu ya rundo. Ikiwa wa pili anairudisha kabla haijachukuliwa tena, `weka` inasoma kichwa, inapata 4, na inaandika kwamba kilichoko chini ya 4 ni 4. Rundo limekuwa duara la bafa moja inayojielekezea yenyewe. Kila anayeomba hupewa 4, kichwa kinabaki 4, na bafa nyingine zilizokuwa chini zinapotea bila mtu kuzifikia. Ukiwahi kuona dalili hii, yaani nyuzi zote kukanyagana ndani ya bafa moja wakati programu haijasimama, usipoteze muda kutafuta kwenye mtandao wala kwenye mizani. Ni rundo lililojifunga.

Kuna jambo la bahati linaloeleza kwa nini programu yako huharibu hesabu badala ya kuanguka. Inaelekea sehemu ya `chini` umeiweka kando na data ya kipimo, kwa hiyo hata bafa inapokuwa kazini kielekezi chake cha zamani kinabaki na anwani halali. Watu wengine huokoa nafasi kwa kuweka kielekezi hicho mahali palepale pa data, kwa kuwa bafa tupu haina data. Kwao kosa hilihili lingegeuza kilo 86 kuwa anwani, na programu ingekufa papo hapo. Nakuhakikishia kwamba hao wana nafuu kuliko wewe. Programu iliyokufa inajulikana imekufa, lakini stakabadhi yenye kilo zisizo zake humfikia mvuvi aliyevua usiku kucha Ukerewe na mnunuzi aliyelipa fedha, na hakuna kati yao mwenye namna ya kujua.

Pengine utajiuliza kama na `weka` ina ugonjwa huu. Haina. Inaposoma kichwa na kupata 7, inachoandika ni kwamba chini ya bafa mpya iko 7, na inafaulu tu ikiwa 7 iko juu wakati huo. Kama 7 iliondoka na kurudi katikati, sentensi hiyo bado ni ya kweli, kwa sababu `weka` haitumii habari yoyote kuhusu kilichoko chini ya 7. Hatari iko kwa `toa` pekee, kwa kuwa yenyewe inasoma kitu cha pili, halafu inathibitisha kitu cha kwanza tu.

Kuhusu kompyuta yako kutokosea: ili tatizo litokee kama ulivyoliona, uzi lazima ukatizwe ndani ya nafasi ya amri chache mno, na wakati umelala, nyuzi nyingine zitoe angalau bafa mbili na kurudisha ile ya kwanza bila ile ya pili. Mizani ikiwa moja au mbili mezani kwako, hilo karibu halitokei. Alfajiri hali ni tofauti, kwa maana nyuzi ni nyingi kuliko viini, kwa hiyo kila mara kuna uzi unaoondolewa kwenye prosesa. Ikiwa seva yako ni mashine pepe ya kukodi, kuna tabaka jingine: mashine mwenyeji inaweza kusimamisha kiini chako kimoja huku vingine vikiendelea, na usingizi huo ni mrefu kwa kipimo cha kompyuta. Tena rundo lenyewe huchochea ajali, kwa kuwa bafa iliyorudishwa mwisho ndiyo hutoka kwanza. Anwani ileile hurudi juu mapema, ilhali katika foleni ingesubiri zamu yake.

Kabla ya tiba, niseme yale yasiyotibu, kwa sababu najua ndiyo hujaribiwa kwanza. Kuongeza ukali wa mpangilio wa kumbukumbu hakusaidii. Usipotaja chochote, `compare_exchange_weak` tayari hutumia mpangilio mkali kuliko yote, `memory_order_seq_cst`, na bado katika simulizi la hapo juu hakuna tendo hata moja lililoonekana nje ya zamu. Kubadilisha `weak` kuwa `strong` nako hakusaidii: tofauti yao ni kwamba ya kwanza inaruhusiwa kushindwa bila sababu, wakati ugonjwa wetu ni kufaulu pasipostahili. Na kusoma kichwa mara ya pili kabla ya kulinganisha kunapunguza tu upana wa mwanya. Mwanya uliopunguzwa ni mbaya zaidi, maana kosa lililokuwa likijitokeza kila wiki sasa litajitokeza kila mwaka, na utakuwa umeshaacha kulitafuta.

Tiba inayokufaa ni ya zamani kama tatizo lenyewe. Rundo la aina hii liliandikwa na Kent Treiber wa IBM katika ripoti ya mwaka 1986, na hadi leo hujulikana kwa jina lake. Mashine za IBM za familia ya System/370 zilikuwa na amri ya kulinganisha na kubadilisha neno moja, na pia nyingine ya kulinganisha na kubadilisha maneno mawili yaliyopakana kwa mpigo mmoja. Amri hiyo ya maneno mawili ndiyo iliyofungua njia: neno la kwanza hubeba kielekezi, la pili hubeba hesabu inayoongezeka. Kichwa kinaporudi kuwa 7, hakirudi kuwa 7 ileile. Kilikuwa 7 yenye hesabu 1200, sasa ni 7 yenye hesabu 1202, na ulinganisho unashindwa kama inavyotakiwa.

Wewe una bahati kwamba bafa zako ziko 64 na hazitengwi upya. Huhitaji kielekezi cha biti 64 kuzitaja, inatosha namba ya nafasi yake kwenye safu. Kwa hiyo namba na hesabu vinaenea ndani ya neno moja la biti 64, ambalo prosesa yoyote ya seva ya leo inaweza kulilinganisha kwa amri ya kawaida:

```cpp
std::atomic<uint64_t> kichwa;        // juu: hesabu, chini: namba
std::atomic<uint32_t> chini[64];
const uint32_t TUPU = 0xFFFFFFFF;    // kichwa huanza na TUPU

uint32_t toa() {
    uint64_t k = kichwa.load();
    for (;;) {
        uint32_t n = (uint32_t)k;
        if (n == TUPU) return TUPU;
        uint64_t c = chini[n].load();
        uint64_t mpya = (((k >> 32) + 1) << 32) | c;
        if (kichwa.compare_exchange_weak(k, mpya)) return n;
    }
}

void weka(uint32_t n) {
    uint64_t k = kichwa.load(), mpya;
    do {
        chini[n].store((uint32_t)k);
        mpya = ((k >> 32) << 32) | n;
    } while (!kichwa.compare_exchange_weak(k, mpya));
}
```

Hesabu inaongezwa kwenye `toa` peke yake, na hiyo inatosha. Ili kilichoko chini ya 7 kibadilike, lazima 7 iwe imetolewa kwanza, na kutolewa huko kumeshaongeza hesabu. Kama juu ya 7 iliwekwa bafa nyingine kisha ikaondolewa, 7 yenyewe haikuguswa na chini yake hakujabadilika kitu. Hapo hesabu imeongezeka bila ulazima, na hasara pekee ni kwamba uzi utarudia mzunguko mara moja.

Tazama pia kwamba `chini` nayo sasa ni ya atomiki. Hili si pambo. Uzi wa kwanza unaweza kuwa unasoma `chini[7]` wakati uleule ambao uzi wa pili, ulioitoa 7 na sasa unairudisha, unaandika humo. Thamani itakayosomwa haitadhuru, kwa sababu ulinganisho utashindwa, lakini kwa sheria za C++ kusoma na kuandika kwa pamoja sehemu isiyo ya atomiki ni kosa ambalo kompaila ina uhuru wa kulitafsiri itakavyo. Programu yako ya sasa ina kosa hilo pia, mbali na ABA.

Sasa swali linalonipa wasiwasi kila ninapoona tiba hii imetumiwa: hesabu ina biti ngapi? Hesabu nayo huzunguka na kurudi sifuri. Biti 32 zina thamani 4,294,967,296. Ukitoa bafa mara 1,000 kwa sekunde, mzunguko mmoja kamili huchukua siku 49 na zaidi, na ili udhurike, uzi uwe umelala muda wote huo na uamke hesabu ikiwa imerudi palepale na bafa ileile ikiwa juu. Hilo naweza kulikubali bila kusita. Hata kwa mara 10,000,000 kwa sekunde, mzunguko huchukua dakika 7 hivi, na uzi lazima uamke kwenye nukta ileile moja kati ya zaidi ya bilioni 4.

Lakini utakutana na watu wanaohifadhi kielekezi kizima na kubana hesabu kwenye biti zake 16 za juu, ambazo kwa kawaida hazitumiki kwenye prosesa za x86 za biti 64. Biti 16 zina thamani 65,536 tu. Kwa mara 10,000,000 kwa sekunde mzunguko mzima unaisha ndani ya milisekunde 6.6, na usingizi wa kawaida wa uzi ulioondolewa kwenye prosesa unaweza kufikia au kupita muda huo. Ulinzi wa namna hiyo unageuza ajali ya hakika kuwa bahati nasibu ya moja kati ya 65,536, na katika mfumo unaofanya kazi mchana na usiku tiketi hiyo itashinda siku moja. Ukilazimika kutumia vielekezi kamili, tumia neno la biti 128 lenye kielekezi na hesabu ya biti 64. Prosesa za x86 hulilinganisha kwa amri ya `cmpxchg16b`, ingawa inakubidi uhakikishe kwa `is_lock_free` kwamba kompaila yako haikuweka kufuli la siri nyuma ya pazia.

Kuna mpaka wa tiba hii ambao usiuvuke bila kujua. Hesabu hulinda ulinganisho. Hailindi ule usomaji wa `chini` unaotangulia. Kwako usomaji huo ni salama siku zote, kwa kuwa safu ya bafa haiondoki. Siku utakayoamua kutenga bafa kwa `new` na kuziachia kwa `delete`, uzi uliolala utaamka na kusoma ndani ya kumbukumbu ambayo si yako tena, na hapo hesabu haina msaada, maana madhara yametokea kabla haijaulizwa. Zaidi ya hapo, ABA itaongezeka: kigawa kumbukumbu cha glibc huwa na akiba ndogo ya kila uzi, na kipande ulichoachia sasa hivi ndicho utakachopewa ukiomba tena cha ukubwa uleule. Kwa maneno mengine, bafa "mpya" itakuja na anwani ya ile ya zamani, tena haraka.

Kwa hali hiyo kinachohitajika ni kuzuia kumbukumbu isiachiwe wakati kuna mtu anayeitazama. Njia iliyochapishwa na Maged Michael mwaka 2004 ni kwamba kila uzi una sehemu yake ya wazi ambapo hutangaza anwani unayotaka kuisoma, kisha hukagua tena kwamba kichwa bado ni hicho, ndipo usome. Anayetaka kuachia bafa hupitia matangazo yote, na akiikuta humo huiweka kando hadi baadaye. Kwa kuwa bafa iliyotangazwa haiwezi kuachiwa, haiwezi pia kurudi kwa sura mpya, na ABA inakosa njia. Lakini sharti ni kwamba kila bafa ipitie mlango huo kabla ya kutumika tena. Ukiirudisha moja kwa moja kwenye rundo, kama ufanyavyo sasa, ulinzi umevunjika. Ni kwa sababu hiyohiyo wenzetu wa Java hawaepuki tatizo hili moja kwa moja. Mkusanya taka wao huzuia anwani kutumika upya wakati kuna uzi unaoirejelea, lakini wakijenga akiba ya vitu vya kutumia tena na tena, ABA inarudi, na ndiyo maana wana `AtomicStampedReference`.

Turudi kwenye kazi yako na namna ya kuthibitisha kwamba kosa ni hili kweli, kabla hujabadilisha chochote. Usitegemee zana za ukaguzi peke yake. `ThreadSanitizer` itakuonyesha ule ushindani kwenye `chini` isiyo ya atomiki, lakini ukishaifanya ya atomiki itanyamaza hata kama ABA bado ipo, kwa sababu ABA si ushindani wa data. `AddressSanitizer` inaweza hata kuificha: huchelewesha kumbukumbu iliyoachiwa isitumike upya, na kwa programu za `new` na `delete` hiyo ni sawa na kuondoa sharti moja la ajali. Utaona programu imepona chini ya ukaguzi na kuugua tena kwenye seva.

Badala yake, mpe kila bafa alama ya mshikaji, na uikague unapoipokea:

```cpp
uint32_t n = toa();
if (n != TUPU && mshika[n].exchange(1) != 0)
    std::abort();
```

Alama irudishwe sifuri kabla ya kuita `weka`, si baada yake, la sivyo utapata kengele za uongo. Kwenye programu yako ya sasa fanya vivyo hivyo kwa kuweka alama ndani ya `Bafa` yenyewe. Kisha upanue mwanya kwa makusudi: kati ya kusoma `chini` na kulinganisha, uzi ulale mikrosekunde 50 kwa `sleep_for`, si kila mara, bali mara moja kati ya mia hivi. Punguza bafa zibaki 4, anzisha nyuzi 4, na kila uzi urudie mwendo huu: toa ya kwanza, toa ya pili, rudisha ya kwanza, subiri kidogo, rudisha ya pili, na pale `toa` isipokupa bafa, usirudishe kitu. Mwendo huo ndio uliotuharibia simulizi la 7 na 4, na programu yako ya sasa haitadumu nao. Weka toleo jipya kwenye jaribio hilohilo, usingizi ukiwa palepale, na uliache usiku kucha. Likikosea, tafuta mahali unaporudisha bafa mara mbili kwa mkono wako mwenyewe, kwa sababu hilo hutoa dalili zilezile na hesabu hailizuii.

Neno moja la ushauri ambalo hukuliomba. Kwa mizani za soko moja, hata Mwaloni ikijaa, kufuli la kawaida la `std::mutex` lingekutosha. Kulifunga na kulifungua bila ushindani ni kazi ya makumi machache ya nanosekunde, wakati mizani yenyewe hutuma kipimo mara chache kwa sekunde. Rundo lisilo na kufuli lina haki yake pale ambapo uzi mmoja kuondolewa kwenye prosesa ukiwa na kufuli kungesimamisha wengine kwa muda usiovumilika, na hilo hujulikana kwa kupima. Kama hujapima, mimi ningeweka kufuli leo ili stakabadhi za kesho alfajiri ziwe sahihi, na toleo la hesabu ningeliweka baada ya kupita jaribio. Alama ya `mshika` iache iendelee kufanya kazi hata kwenye seva, kwa njia zote mbili.